Video ya ritani: cha kubadilisha Januari, Mei na Julai

Video ya YouTube ya kufundisha kujaza ritani za KRA ina msimu wake. Huanza kutafutwa Januari, husongamana Juni, na tarehe 30 Juni ikishapita hakuna anayeiulizia. Ndiyo maana ratiba ya kuihariri hufuata kalenda ya kodi: wiki ya kwanza ya Januari, katikati ya Mei, kisha tarehe 1 Julai, siku ya kuondoa maneno kama "zimebaki siku chache".

Januari, anza na mwaka ulio kwenye kichwa. Anayejaza ritani 2026 anatangaza mapato ya 2025, kwa hiyo andika "mapato ya 2025" waziwazi. Lakini kwanza itazame video yote. Iliyorekodiwa mwanzoni mwa 2024 inataja NHIF, na tangu Oktoba 2024 makato hayo yamekuwa ya SHIF. Kubandika mwaka mpya juu ya video hiyo ni kumdanganya mlipa kodi. Rekodi nyingine, kisha weka kiungo chake katika mistari miwili ya kwanza ya maelezo ya ile ya zamani, kwa sababu mistari inayofuata hufichwa mpaka mtu abonyeze.

Mei ni wakati wa kukagua sura za video, yaani sehemu zake zilizoorodheshwa kwa muda na jina kwenye maelezo. Hapa ndipo wengi huharibu. Tuseme umetumia YouTube Studio kukata tangazo la semina iliyokwisha, kuanzia 0:15 hadi 0:55. Video inafupika kwa sekunde 40, ila muda ulioandika kwenye maelezo haujisogezi. Sura zilikuwa hivi:

```
0:00 Utangulizi
1:10 Kuingia iTax
2:45 Kusoma fomu ya P9
4:20 Kutuma ritani
```

Kila muda ulio baada ya mkato utoe sekunde 40:

```
0:00 Utangulizi
0:30 Kuingia iTax
2:05 Kusoma fomu ya P9
3:40 Kutuma ritani
```

Sura ya kwanza lazima ianze 0:00, ziwe tatu au zaidi kwa mpangilio wa kupanda, na kila moja idumu angalau sekunde 10. Sharti moja likivunjika, sura zako zote hutoweka, si ile yenye kosa pekee. Ukiona majina ya sura usiyoyaandika wewe, huenda YouTube imeweka zake za kujitengenezea. Rudi ukague orodha yako. Usisahau pia maoni uliyobandika juu, kama yana muda wa zamani.

Kabla ya kuhifadhi, nakili kichwa na maelezo ya awali kwenye jedwali pamoja na tarehe, ili uweze kuyarudisha. Na unapopima kama kichwa kipya kinavuta watu, linganisha Juni na Juni ya mwaka uliopita. Ukilinganisha na Mei, hata kichwa kibovu kitaonekana kimefaulu.