Kutafsiri maelezo ya shahidi kwa Kiingereza: dhana potofu na ukweli

Nchini Kenya shahidi anaweza kuandikisha maelezo kwa Kiswahili, lakini lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Chukua sentensi hii ya mfano: "Kama saa mbili usiku hivi nilimwona mtu, nadhani alikuwa ameshika panga, akamkata jirani yangu mkono."

Dhana: "Nadhani" na "hivi" ni maneno ya kujazia tu.

Ukweli: Hapo ndipo shahidi anapoonyesha ana hakika kiasi gani. "Nadhani" yake iko kwenye panga peke yake. Kwamba alimwona mtu na kwamba mtu huyo alikata, hana shaka. Ukiihamishia mwanzoni, tukio zima linakuwa la kudhani. Ukiifuta, siku atakapoiambia mahakama kwamba hakuliona panga vizuri, wakili wa upande wa pili atamwambia amegeuza maelezo, kumbe aliyegeuza ni mtafsiri.

"Kama" na "hivi" nazo zibaki makadirio: yapata 8.00 usiku kwa saa ya Kiingereza. Anayeacha namba 2 ilivyo amelisogeza tukio saa sita mbele.

Dhana: Penye utata, mtafsiri autatue ili jaji aelewe.

Ukweli: Chukua "mkono" wa jirani. Kiingereza kina neno moja la kiganja na jingine la mkono kuanzia begani. Kishawishi ni kufungua fomu ya P3, ile ya polisi ya ripoti ya kitabibu, kwenye jalada uone jeraha lilikuwa wapi. Usifanye hivyo. Kama maelezo na P3 vinalingana au la, hilo ni la mahakama kupima, na ukiazima jibu humo utakuwa umetengeneza ulinganifu ambao haukuwepo. Andika maneno yote mawili, uyatenge kwa mkwaju, kisha weka tanbihi yenye neno la shahidi mwenyewe, "mkono".

Jinsia nayo ni mtego. "Alikuwa ameshika" haisemi ni mwanamume au mwanamke, ila viwakilishi vya Kiingereza vinakusukuma uchague. Rudia "mtu huyo" kwa Kiingereza, hata sentensi ikiwa nzito. Ukiandika mwanamume kwa mazoea, umeongeza sifa ya kumtambua mshukiwa ambayo shahidi hakuitaja.

Dhana: Kusikia ni kusikia.

Ukweli: "Nilimsikia akipigwa" ni sauti iliyofika masikioni mwa shahidi. "Nilisikia amepigwa" kwa kawaida ni habari aliyopewa, na ushahidi wa namna hiyo kwa kawaida haupokelewi. Tafsiri ionyeshe tofauti hiyo.

Likibaki swali, usimpigie shahidi simu. Mwandikie wakili aliyekupa kazi. Shahidi akifafanua, hayo ni maelezo ya nyongeza yenye tarehe na saini yake. Hayaingizwi ndani ya tafsiri ya yale ya kwanza.