Tabaka halizai chama lenyewe

Kila muhula nasikia kauli ileile kutoka kwa wanafunzi: jamii ikiwa na matajiri na maskini, au dini mbili, vyama vitajitokeza vyenyewe. Havijitokezi! Lipset na Rokkan, wanazuoni walioijenga mwaka 1967 nadharia ya mipasuko, yaani migawanyiko ya kudumu ya jamii inayozaa vyama, hawakusema hivyo. Anayebisha na aitazame Uholanzi.

Wakatoliki, Waprotestanti na wafanyakazi maskini walikuwapo huko tangu zamani bila vyama vyao. Kilichowasha moto ni shule. Mwaka 1878 serikali ya waliberali ilipitisha sheria iliyopandisha viwango vya majengo na walimu. Shule za umma zikapewa ruzuku, za dini zikaachwa zijigharamie. Waprotestanti zaidi ya 300,000 walitia saini kumwomba mfalme asiiidhinishe, na wengi wao hawakuwa hata na haki ya kupiga kura. Mfalme akaidhinisha. Mwaka uliofuata Abraham Kuyper, aliyekuwa mstari wa mbele katika kampeni hiyo, akaanzisha ARP, chama cha Waprotestanti hao. Kufikia 1888 Waprotestanti hao walikuwa wameshirikiana na Wakatoliki, mahasimu wao wa karne nyingi, kuunda serikali.

Kwa hiyo wanaume wote walipopewa kura mwaka 1917, mfanyakazi Mkatoliki wa kusini alikuwa tayari na shule, gazeti na chama cha wafanyakazi vya Kikatoliki. Wasoshalisti walichelewa. Hata mwaka 1954 maaskofu walitishia kuwanyima sakramenti Wakatoliki ambao wangejiunga na chama cha wafanyakazi cha kisoshalisti. Mfanyakazi huyo wa kusini alikuwa wa tabaka la chini kama mwenzake wa Amsterdam, lakini kura yake ilikwenda kwingine. Mpasuko hukamilika palipo na kundi, kundi hilo likajitambua, kisha likawa na vyombo vya kulishikilia. Bila vyombo, ulicho nacho ni takwimu za sensa tu.

Wengine hudai vyama vya Uholanzi vililetwa na uwakilishi wa uwiano, yaani chama kupata viti bungeni kulingana na sehemu yake ya kura. Mfumo huo ulikuja 1917, ARP ikiwa inakaribia miaka 40. Ndiyo maana nasisitiza: kabla ya kutoa sababu yoyote, andika mwaka chama kilipozaliwa kando ya mwaka sheria ya uchaguzi ilipobadilika.

Wapo pia wanaodhani kanda ni tabaka lililovaa jina jingine. Chama cha Kikristo cha Norwe kilianzia magharibi mwa nchi mwaka 1933, na kilichowaunganisha wafuasi wake ni ulokole na vita dhidi ya pombe, si kipato.

Na kuganda kwa mifumo ya vyama, yaani vyama vilevile kudumu kwa miongo mingi, hakumaanishi umilele. Chama cha Wakatoliki wa Uholanzi kilipata karibu asilimia 32 ya kura mwaka 1963; mwaka 1972 hakikufika 18. Wakatoliki hawakuhama nchi. Walipunguza kwenda kanisani, na utii kwa maaskofu ukalegea. Mwaka 1980 chama hicho kiliungana na ARP kuunda chama kipya cha Kikristo, CDA.