Mkataba wa mkandarasi huru, na kwa nini jina lake halitoshi

Neno mkandarasi humfanya mtu afikirie majengo na barabara. Katika mikataba, lina maana pana zaidi: mkandarasi huru ni mtu yeyote anayefanya kazi ya mwingine kama biashara yake mwenyewe. Anaahidi kukabidhi kitu fulani, njia ya kukifikia anaipanga yeye, na faida au hasara ni juu yake. Mwajiriwa huuza muda wake na kufuata maelekezo ya mwajiri. Kwa sababu hiyo sheria humpa kinga ambazo mkandarasi hanazo: likizo yenye malipo, kima cha chini cha mshahara, michango ya hifadhi ya jamii, na utaratibu wa kufuatwa kabla hajaachishwa kazi.

Mteja anayetaka mkataba usije ukageuzwa kuwa wa ajira kwa kawaida huanza na sentensi hii: "Pande zote zinakubali kwamba mtoa huduma si mwajiriwa." Iandikwe, haina ubaya, ila uzito wake ni mdogo mno. Pendekezo Namba 198 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2006, linasema uhusiano wa ajira utambuliwe kwanza kwa kutazama jinsi kazi inavyofanyika na jinsi mtu anavyolipwa, hata kama pande mbili zimeuita uhusiano huo kwa jina jingine. Nchi nyingi hufuata msimamo huo. Na haki za msingi za mwajiriwa kwa kawaida mtu hawezi kuzisaini zikaisha, kwa hiyo hata ahadi ya "sitadai kamwe kuwa mwajiriwa" haimfungi anapokuja kuzidai.

Kesi inayolionyesha hili vizuri ni ya waosha magari 20 wa kampuni ya Autoclenz, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2011. Karatasi zao zilikuwa safi kabisa. Ziliwaita wakandarasi, zikasema kampuni hailazimiki kuwapa kazi wala wao hawalazimiki kuja, na kwamba kila mmoja angeweza kumtuma mtu mwingine mahali pake. Hali halisi ilikuwa nyingine. Walitarajiwa kufika, wakavaa sare za kampuni na kutumia vifaa vyake, na hata ankara zao ziliandaliwa na kampuni yenyewe. Mahakama ilisema vifungu vile havikuwa makubaliano ya kweli ya pande mbili, na kwamba katika kuyapima makubaliano ya namna hii lazima itazamwe pia nguvu ya kila upande ya kujadiliana. Wakahesabiwa waajiriwa, pamoja na haki zao za kima cha chini na likizo.

Mimi naamini mkataba wa namna hii hauanzi kwenye karatasi. Unaanza kwa kuamua kazi itaendeshwaje, ndipo maneno yanafuata. Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni ya vipodozi inahitaji lebo za bidhaa 12, inampata mbunifu wa michoro, na rasimu ya kwanza inasomeka hivi: "Mbunifu atakuwa ofisini Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Atalipwa kiasi kilekile kila mwisho wa mwezi. Hatafanya kazi ya mteja mwingine. Akitaka kupumzika ataomba ruhusa kwa msimamizi." Juu yake imeandikwa kwa herufi kubwa: mkataba wa mkandarasi huru. Kila sentensi iliyo chini inakana kichwa hicho.

Sasa tuiandike upya kwa kuanza na kinachotakiwa. "Mtoa huduma atakabidhi lebo 12 zilizo tayari kuchapwa ndani ya siku 45 tangu kusainiwa kwa mkataba huu. Atachagua mahali, saa na vifaa vya kufanyia kazi, kwa gharama yake." Mteja bado ana haki ya kusema anataka nini: rangi za kampuni, vipimo vya chupa, maandishi ambayo sheria inayataka kwenye lebo. Hilo ni sharti la matokeo, na mkandarasi yeyote hupewa. Kinachoharibu ni kumwelekeza aketi wapi, aanze saa ngapi na afuate hatua gani.

Malipo nayo yafuate kazi badala ya kalenda. Kwa mfano, theluthi moja michoro ya awali ikikubaliwa, theluthi mbili lebo zote zikipokelewa, na mbunifu mwenyewe ndiye atoe ankara. Kisha kiwepo kifungu ambacho watu wengi husahau: "Lebo isiyolingana na masharti itarekebishwa na mtoa huduma bila malipo ya ziada." Mwajiriwa akikosea, kwa kawaida siku yake ya kurekebisha hulipwa. Mkandarasi akikosea, muda ule unatoka mfukoni mwake, na kwa upande wa pili akimaliza kwa siku 20 badala ya 45 faida ni yake. Hasara na faida za namna hiyo ni ushahidi mzito kwamba ana biashara.

Marufuku ya wateja wengine iondolewe. Kama hofu ya kampuni ni siri kuvuja, kifungu cha kutunza siri kinatosha, na umiliki wa michoro ukabidhiwe kwa maandishi pale malipo yanapokamilika.

Kifungu cha kumtuma mtu mwingine kinahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu ndicho chenye nguvu kuliko vyote kikiwa cha kweli, na ndicho hughushiwa zaidi. Maana yake ni kwamba mbunifu akiugua au akizidiwa na kazi anaweza kumpa mwenzake aliye na ujuzi, akamlipa yeye mwenyewe, huku akibaki na dhamana kwa mteja. Mteja anaweza kudai mbadala awe na sifa zinazotakiwa. Akidai haki ya kumkataa kwa sababu yoyote ile, kifungu kimekufa. Katika kesi ya Pimlico Plumbers ya mwaka 2018, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilimtazama fundi bomba aliyeweza kuwekewa mbadala, lakini kutoka miongoni mwa mafundi wa kampuni ileile tu. Haikumwona kuwa mwenye biashara huru. Ilimhesabu kuwa mfanyakazi, hadhi ambayo sheria ya huko huiweka kati ya mwajiriwa na mkandarasi, yenye haki kadhaa, likizo yenye malipo ikiwemo. Kama unajua moyoni kwamba unamtaka mtu huyu na si mwingine, ni afadhali kukiacha kifungu hicho kuliko kukiandika kwa mapambo.

Hata mkataba mzuri huharibika polepole baada ya kusainiwa. Lebo 12 zinaisha, mbunifu anaombwa "asaidie kidogo" na matangazo, anapewa anwani ya barua pepe ya kampuni, jina lake linaingia kwenye ratiba ya likizo, anaitwa kikao cha wafanyakazi kila Jumatatu, na malipo yanakuwa kiasi kimoja kila mwezi kwa sababu ni rahisi kwa mhasibu. Miaka miwili baadaye anaachwa kwa simu moja, na anapokwenda kudai analeta barua pepe zile, ambazo huko zitasomwa kwa makini kuliko mkataba. Kwa hiyo kila kazi mpya ipewe hati yake fupi yenye kitu cha kukabidhi, bei na tarehe. Ikifika mahali hakuna tena kitu cha kukabidhi, kuna siku za kazi tu, basi huyo ameshakuwa mwajiriwa, na hati inayomfaa ni mkataba wa ajira.