Maharage ya Kuchemshwa kwa Wanaochelewa Kurudi Nyumbani

Mfanyakazi anayetoka Kariakoo jioni na kufika Mbagala saa mbili usiku hawezi kuanza kuchemsha maharage. Ataishia kununua chipsi. Ndiyo maana tunawashauri wajasiriamali wa chakula wauze maharage yaliyokwisha kuiva, yasiyoungwa, kwenye mifuko ya nusu kilo. Mnunuzi anakwenda kuunga mwenyewe na kitunguu, nyanya au nazi, kwa dakika chache.

Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, kisha chemsha kwa maji mapya mpaka yaive kabisa. Yasipikwe kwa moto hafifu tangu mwanzo: maharage mekundu hasa yana sumu ya asili inayohitaji maji yanayotokota ili iharibike. Nyanya na ndimu zisiguse sufuria, maana uchachu huyafanya yasilainike. Magadi huyalainisha haraka, lakini huharibu vitamini B1.

Hatari kubwa inakuja baada ya kuepua. Kuna bakteria wenye chembe ngumu zisizokufa kwa kuchemshwa. Sufuria kubwa ikiachwa na mfuniko usiku kucha, katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na hapo chembe hizo huamka na kuzaliana. Chakula cha namna hiyo huumiza tumbo na kuharisha watu, na mara nyingi hakina harufu wala povu la kukuonya, kwa hiyo usitegemee kunusa. Chuja, tandaza kwenye sinia kwa kina kisichozidi sentimita 5, weka sinia juu ya maji ya barafu na ugeuze. Joto lishuke kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Nunua kipimajoto cha chakula. Mkono haupimi vizuri. Fungasha yakiwa yamepoa, andika tarehe, na uyapeleke sokoni kwenye kasha lenye barafu.

Sasa hesabu. Tuseme kilo 5 za maharage makavu zimegharimu shilingi 15,000, mkaa 4,000, mifuko 1,500 na barafu 1,500. Jumla ni 22,000. Yakiiva hutoa karibu kilo 11, yaani mifuko 22, kila mmoja ukiwa umekugharimu 1,000. Ukiuza 1,500 unapata 33,000, na baki ni 11,000 kabla ya kujilipa nguvu zako. Lakini mifuko minne tu ikidoda, baki inashuka hadi 5,000. Hapo ndipo wengi wanashawishika kuuza ya jana yaliyoshinda juani. Afadhali uanze kwa kuchukua oda kwa simu asubuhi, utoe kwenye friji mifuko iliyoagizwa peke yake, na mingine igandishe siku ileile iliyopikwa. Kila mnunuzi mwambie ayachemshe tena mpaka yatokote kabla ya kula.