Nishati inayotumika bila kwenda jimu

Chukua mhasibu wa kilo 70 anayefanya kazi Posta, Dar es Salaam. Zamani alitembea hadi kituo cha daladala, akishuka anatembea tena mpaka ofisini, na mchana anakwenda kwa mama ntilie mtaa wa pili. Simu ilimhesabia hatua kama 8,000 kwa siku. Sasa bodaboda humfuata mlangoni na chakula huletewa mezani. Hatua zimebaki 3,000. Anakula vilevile, jimu hajawahi kuingia, na bado suruali zinambana.

Kilichopungua ni kile ambacho wataalamu hukiita NEAT, yaani nishati ambayo mwili hutumia kwa mijongeo ya kawaida isiyo mazoezi: kupanda ngazi, kufua, kusimama foleni, hata kutikisa mguu chini ya meza. Kwa mtu anayekaa sana, takriban asilimia 60 ya nishati ya siku huendesha moyo, mapafu, ubongo na viungo vingine, na hiyo haibadiliki kirahisi. Kusaga chakula huchukua kama asilimia 10. Sehemu iliyobaki ndiyo inayotofautiana sana kati ya mtu na mtu, na kwa wasiofanya mazoezi karibu yote ni NEAT.

Tupige hesabu. Kutembea kilomita moja humgharimu mhasibu wetu takriban kalori 35 zaidi ya ambazo angetumia akiwa amekaa. Hatua 5,000 alizozipoteza ni kama kilomita 3.5, yaani kalori 120 hivi kwa siku, au 600 kwa wiki ya kazi. Hizo hazipungui sana zile za kukimbia kilomita 5 mara mbili. Ameacha mazoezi ambayo hakujua anayafanya.

Mwaka 1999, James Levine na wenzake wa Kliniki ya Mayo, Marekani, waliwalisha watu 16 kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki 8. Wapo walioongeza mafuta chini ya nusu kilo, wengine zaidi ya kilo 4. Walioongeza kidogo ni wale ambao miili yao ilizidisha mijongeo midogo midogo yenyewe, bila kuambiwa.

Kinyume chake pia hutokea, na hapa ndipo wengi hukwama. Ukipunguza chakula, mwili nao hubana matumizi: unakaa zaidi na kuinuka kwa uvivu bila kukusudia. Dalili yake ni hatua kushuka wiki baada ya wiki ilhali ratiba haijabadilika. Ila kabla ya kuamini namba hizo, hakikisha simu huwa mfukoni, kwa sababu iliyoachwa mezani haihesabu kitu.

Na meza za kufanyia kazi umesimama? Kusimama saa nzima huongeza takriban kalori 9 tu juu ya kukaa. Kwenda kwa mama ntilie na kurudi kunaipita hiyo kwa mbali.