Huzuni isiyolingana: kwa nini wanandoa waliopoteza mimba hushindwa kufarijiana

Mimba ikiharibika, ndugu na majirani huwahesabu mke na mume kuwa wamepatwa na msiba mmoja. Ni kweli, lakini kila mmoja anaulia kivyake, na mara nyingi kwa wakati wake. Hali hiyo washauri wa waliofiwa huiita huzuni isiyolingana. Haimaanishi kwamba mmoja alimpenda mtoto kuliko mwenzake. Maana yake ni kwamba kila mmoja anahitaji faraja ya aina tofauti, na ile anayoitoa ndiyo ambayo angependa kupewa yeye mwenyewe.

Tuchukue mfano wa mke na mume waliopoteza mimba ya wiki 11. Mke ameishi nayo tangu kichefuchefu cha kwanza. Baada ya kutoka, damu inaweza kuendelea kwa siku kadhaa, hata wiki mbili, na kipimo cha mkojo kinaweza kuonyesha kwamba bado ni mjamzito, kwa sababu homoni ya mimba huisha polepole. Kila akienda msalani anakumbushwa. Mume hana ukumbusho wa namna hiyo. Pengine alichoshika mkononi ni picha ya altrasaundi tu, na mtoto wake aliishi zaidi katika mipango: chumba cha kuongeza, jina la marehemu babu.

Jamii nayo huwatenganisha. Mume hukutana na jirani akaambiwa, "Mpe mkeo pole," kana kwamba yeye ni mpita njia. Mimba ikiwa imetimiza miezi minne, familia nyingi za Kiislamu huosha, hukafini na kuzika. Mimba changa haina matanga. Hakuna siku ambayo wote wawili wanakaa chini, watu wakaja, kazi ikasimama. Kwa hiyo Jumatatu mume anarudi kazini.

Jioni moja mke anakuta nguo ndogo alizokuwa ameanza kununua hazipo kabatini. Mume amezipeleka kwa dada yake ili mkewe asiumie akiziona. Kwake yeye hilo ni tendo la upendo kabisa. Mke anaona mtoto amefutwa, na aliyemfuta ni baba yake. Analia, anataka wazungumze tena kuhusu usiku ule wa damu. Mume anasikia lawama: kwamba alichelewa kutafuta bodaboda, kwamba hakufanya vya kutosha. Ananyamaza. Mke akiona kimya anaamini hajali, anaongeza maneno, na mume anazidi kuchelewa kurudi nyumbani. Kila hatua ya mmoja inamthibitishia mwenzake wazo lililo kosa.

Hapa nadhani jambo muhimu zaidi kulijua ni lile lililoandikwa mwaka 1999 na Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa Uholanzi. Walieleza kwamba anayeomboleza huenda na kurudi kati ya pande mbili: kuukabili msiba wenyewe, kwa kulia na kukumbuka, na kuyapanga upya maisha, kwa kazi na shughuli. Pande zote mbili ni maombolezo. Tatizo la wanandoa wetu ni kwamba mmoja amekaa upande wa kwanza na mwenzake upande wa pili, na kila mmoja anauona upande wa mwenzake kuwa ni ukatili au udhaifu. Wakati mwingine hubadilishana: mke akishaanza kucheka tena, mume anavunjika moyo mwezi ule ambao mtoto angezaliwa, na sasa yeye ndiye asiyeeleweka. Wapo pia wanawake wanaojitupa kwenye kazi na wanaume wanaotaka kuzungumza. Jinsia haiamui kila kitu.

Kwa wanaotafuta mtoto bila kufanikiwa hali hii hurudi kila mwezi, hedhi ikija. Mmoja analia chooni, mwingine anaanza kuulizia daktari mwingine.

Kinachosaidia ni kuuliza kabla ya kufariji: "Leo unataka nikusikilize tu, au kuna la kufanya?" Na anayenyamaza aseme kwamba kimya chake hakimlaumu mtu. Vitu vya mtoto visiguswe mpaka wote wawili wakubaliane. Wengine hutenga muda mfupi maalumu wa kumzungumzia mtoto, ili anayehitaji kusema awe na uhakika atasikilizwa, na anayechoka ajue kwamba mazungumzo yatakuwa na mwisho.

Hayo yana kikomo. Mtu akikaa wiki mbili au zaidi bila raha ya chochote karibu kila siku, usingizi na chakula vikimshinda, huenda hiyo ni sonona na anahitaji mhudumu wa afya. Akitaja kufa, asisubiriwe hata siku moja. Mume aulizwe maswali hayohayo, kwa sababu ni nadra kuulizwa, na sonona yake huweza kujificha ndani ya pombe au hasira.