Kontena likitoboka, dimareji haisimami

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne. Wa mwisho ni mama mmoja wa Kariakoo anayeleta vitambaa vya pazia kutoka China, kontena mbili mbili za futi 20. Kanipigia saa mbili usiku: "Kaka, kontena lao limetoboka, marobota yangu yamelowa, halafu wananidai dimareji! Si waifute tu hiyo dimareji tuwe tumemalizana?"

Hapana dada, haifutwi. Laini ya meli inakudai siku ulizokaa na kontena lake, wewe unaidai thamani ya mzigo ulioharibika, na hizo ni hesabu mbili tofauti zenye ushahidi tofauti, na mara nyingi pale ofisini kwao zinashikwa na watu wawili ambao hata salamu hawapeani. Ukiziweka kwenye barua moja kama uji, yule wa dimareji anasoma "vitambaa vimelowa" anasema hii si ya kwangu, anapeleka kwa mwenzake, mwenzake anaona invoisi ya dimareji anairudisha. Nimeona barua ikizunguka hivyo miezi miwili, huku dipoziti ya kontena ya mtu imelala kwao.

Halafu barua yenyewe aliyokuwa ameiandika, jamani. Ukurasa mzima wa "mmeninyanyasa" na "nitawapeleka TASAC", namba ya kontena hamna, tarehe hata moja hamna. TASAC ndiyo inayosimamia mawakala wa meli na malalamiko inapokea, ila na wao watakuuliza hizo hizo tarehe.

Basi tukakaa chini tukaanza upya, barua mbili.

Ya dimareji ndiyo rahisi, maana ni kuhesabu vidole. (Storeji ya bandari hiyo ni deni lingine analodai mtu mwingine, usiichanganye humu.) Laini ilimpa siku 14 za bure. Invoisi ilisema amechelewa siku 11, kontena mbili, dola 20 kwa siku kila moja, jumla dola 440. Yeye alikuwa anapinga zote 11 kwa sababu ya hasira, mimi nikamwambia lete karatasi.

Kosa la kwanza liko mwanzoni mwa hesabu. Wao walianza tarehe 1 Machi, kesho yake baada ya meli kufunga gatini. Lakini masharti yao wenyewe, yaliyoandikwa kwenye taarifa ya kufika kwa mzigo, yanasema siku za bure zinaanza kesho yake baada ya kontena KUSHUSHWA, na hizi zilishushwa tarehe 3. Meli kufunga na kontena kushushwa ni vitu viwili! Ndiyo hapa watu wanaliwa kila siku, maana nani anakumbuka kontena lake lilishushwa lini? Kumbukumbu ya bandari inaonyesha, omba. Kwa hiyo bure ni 4 hadi 17 Machi, na malipo yanaanza tarehe 18. Siku 3 zimeondoka.

Kosa la pili liko mwishoni. Empti, yaani kontena tupu, zilirudi depo tarehe 22, intachenji ya kuingia, ile karatasi ya makabidhiano ya kontena, ina muhuri wa tarehe 22, ila kwenye mfumo wa laini zimeingizwa tarehe 25. Nadhani karani alikuwa na rundo mezani. Siku 3 nyingine zimeondoka, na hapa sihitaji kubishana na mtu, naambatanisha intachenji basi.

Zinabaki siku 5, tarehe 18 hadi 22. Dereva anasema alifika depo na empti zote mbili tarehe 20 akaambiwa depo imejaa arudi kesho kutwa. Hapa sasa ndipo ninapokuna kichwa. Kwa haki, kama depo walioichagua wao imekataa kupokea, siku mbili zinazofuata si za mteja. Lakini geti halikumpa dereva karatasi ya kukataliwa, huwa hawatoi, kilichopo ni picha ya wasap ya foleni na kibao cha depo kwa nyuma. Picha ya foleni inaonyesha foleni, haionyeshi kwamba ulikataliwa. Nimeshinda kwa picha kama hiyo na nimeshindwa kwa picha kama hiyo. Siku hizi namwambia dereva akikataliwa tu atume ujumbe palepale kwa ofisi ya laini: niko getini, namba ya kontena hii, nimekataliwa saa hii. Wakijibu au wasijibu, umeshaandika.

Kwa hiyo barua ya dimareji ikawa fupi kuliko meseji za kwenye grupu la familia. Tuliituma kwa Kiingereza, maana laini nyingi ndivyo wanavyotaka, ila ilisema hivi:

"Invoisi yenu inadai siku 11. Siku 6 si sahihi: siku 3 za mwanzo mlihesabu kabla muda wa bure haujaisha, na siku 3 za mwisho kontena zilikuwa tayari depo kwenu, tazama kiambatanisho. Siku 2, tarehe 21 na 22, tunazipinga kwa sababu depo ilikataa kupokea tarehe 20. Siku 3, tarehe 18 hadi 20, tunazikubali na tunalipa leo dola 120. Tunaomba invoisi mpya."

Mama hakutaka kabisa kulipa hizo 120. "Kaka, tukilipa si tunakuwa tumekubali?" Ndiyo, tumekubali siku tatu, kwa sababu ni deni. Ukilipa kile unachodaiwa kweli, karani anakosa kisingizio cha kusema "mteja hataki kulipa", anabaki na dola 320 za kueleza, na 240 kati ya hizo ni kosa lake mwenyewe.

Sasa maji.

Kontena zilitoka bandarini tarehe 12, tarehe 13 zikafunguliwa stoo, moja safi, moja marobota ya katikati yamelowa chapachapa. Tundu liko juu kwenye paa, upana wa kidole gumba. Intachenji ya kutokea bandarini imeandikwa kontena zima halina kasoro na dereva kasaini. Si dereva wala karani aliyepanda juu kuangalia, hapandi mtu. Na kwa sababu hiyo hiyo, empti ilipofika depo, fundi wao akapanda, akaona tundu, na laini ikaleta invoisi nyingine ya dola 350 za ukarabati. Yaani wamekulowanishia mzigo kisha wanataka uwalipie tundu!

Njia ya kujua tundu kabla ya kusaini ipo na ni bure. Kontena likifunguliwa kwa ukaguzi bandarini au bandari kavu, na kuna nafasi, mtu aingie ndani mwenzake afunge milango, akitazama juu ataona mwanga ukipenya kama nyota. Kama limejaa hadi mlangoni huwezi, basi saini ukiongeza kwa mkono "paa halijakaguliwa". Maneno mawili hayo yangemwokoa.

Kilichomwokoa ni picha alizopiga kijana wa stoo tarehe 13 akiwa juu ya ngazi. Kingo za tundu zina kutu. Wengi wanaishia hapo, "kutu ipo, tundu ni la zamani", lakini kwa hewa yetu ya pwani chuma kilichochubuka leo kinapata wekundu ndani ya siku chache, kwa hiyo kutu nyepesi haikusaidii sana. Hii ilikuwa kutu ya magamba, rangi imevimba pembeni, na zaidi ya hapo kulikuwa na mabaki ya gundi kavu ya kuzibia iliyopakwa zamani. Mtu alishaliona tundu hilo, akaliziba kienyeji, gundi ikabanduka. Kontena limekaa na sisi siku kumi, hatujawahi kupaka gundi. Dola 350 nilizijibu kwa picha hiyo moja.

Kwa mzigo, laini ilijibu nilivyotegemea: hilo ni jasho la kontena, si tundu. Jasho lipo kweli, hewa ya ndani ikipoa matone yanaganda kwenye paa na kudondoka. Ila jasho linadondoka huku na huku, linaacha madoa juu ya marobota mengi, na hapa maji yalishuka mahali pamoja chini ya tundu hadi sakafuni. Seveya, yaani mkaguzi wa mzigo ulioharibika, akaja na chupa yake ya naitreti ya fedha, akadondosha kwenye kitambaa kilicholowa, ikageuka nyeupe kama maziwa, maana yake kuna chumvi. Maji ya mvua wala ya jasho hayafanyi hivyo, ya bahari ndiyo. Mama akaanza kushangilia nikamwambia subiri, viwandani wanatumia chumvi kutia rangi vitambaa, kwa hiyo ikabidi seveya apime na kitambaa kikavu cha robota la pembeni. Kile kilibaki karibu safi. Hapo ndipo na mimi nikashangilia. Bahati mama alikuwa ameacha marobota mawili bila kuyaanika, wengi wanaanika yote juani halafu wanamwita seveya aje apime jua.

Shida yetu ni siku. Kanuni za Hague, za kimataifa za mizigo ya baharini, zinataka uandike taarifa wakati wa kupokea, au ndani ya siku 3 kama uharibifu hauonekani kwa nje. Kanuni za Hamburg, ambazo Tanzania imo tangu 1979, zinatoa siku 15 kwa usioonekana. Na hati ya shehena kwa nyuma, kwa maandishi ya kusomea na miwani, imechagua Hague. Ipi inashinda? Wanasheria wawili walinipa majibu mawili, kwa hiyo mimi naandika ndani ya siku 3 na kama kuna kesi naifungua ndani ya mwaka mmoja wa Hague, sio miwili ya Hamburg. Mama aliandika barua tarehe 29, zote zimempita. Ukichelewa hupotezi haki, ila inachukuliwa kwamba ulipokea mzigo mzima mpaka wewe uthibitishe vinginevyo, na huo ndio mlima.

Ila tarehe 13 alikuwa amemtumia karani wa laini picha na maneno "mzigo umelowa njoo muone" kwa wasap. Je, hiyo ni taarifa ya maandishi? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali maandishi ya kielektroniki, kwa hiyo nimeandika kuwa taarifa ilitolewa siku moja baada ya kontena kutoka bandarini, na nimeambatanisha. Sijui kama wakili wao atameza.

Dola 240 zimefutwa, siku mbili za depo wamezikataa, ukarabati wameuondoa. Dai la vitambaa bado. Na jana imekuja invoisi mpya iliyosahihishwa, nimeifungua kwa furaha, imeandikwa namba ya kontena la tatu ambalo sisi hatujawahi kuliona.